Sita, Tano, Nne, Tano

Sijawahi kumpenda yule dada, na sitajifanya hapa kwamba nilimpenda. Alikuja chuoni kwetu Mbeya kutoka Iringa na begi moja la mgongoni na koti la sufu, na wiki ya kwanza tu alinikosoa mbele ya darasa. Nilikuwa nimeandika ubaoni kitanzi, zile amri za programu zinazojirudia, kinachohesabu nafasi moja kupita kiasi. Kosa la kawaida, kila mtu anayefundisha programu amelifanya. Yeye alikuwa amekaa nyuma akinitazama jinsi ninavyofundisha, kwa kuwa ni mgeni. Akanyoosha kidole kama mwanafunzi, akasema, "Samahani mwalimu, hapo si itavuka mwisho wa orodha?" Darasa zima likageuka kumtazama yeye, kisha likanigeukia mimi. Nilifuta ubao. Tangu siku hiyo nikawa namsalimia kwa mdomo tu.

Sote wawili tulikuwa wakufunzi wa muda. Mimi nilikuwa na miaka sita hapo, yeye mmoja. Mkufunzi wa muda ni mtu wa kuchungulia ubao wa matangazo. Mkataba ni miezi sita, na kila unapokaribia kuisha unaanza kupita mbele ya ofisi ya utumishi bila shughuli yoyote, ukitafuta uso wa mtu utakaokuambia kama bado upo. Mke wangu alikuwa amechoka na uso wangu wa mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Soweto, na kila baba mkwe alipokuja mjini kutoka Rungwe aliuliza jambo lilelile, kwa upole uleule wa kuudhi: "Mwanangu, wameshakuajiri sasa?"

Kwa hiyo nafasi moja ya kudumu ilipotangazwa, ilikuwa yangu. Hivyo ndivyo nilivyoiona. Miaka sita ya kufundisha kwenye maabara ile ya zamani, jengo la kikoloni la miaka ya hamsini lenye madirisha yasiyofunga vizuri, mwezi wa Juni vidole vinakufa ganzi juu ya vitufe. Mtu aliyekuja jana kutoka Iringa, ajaze fomu naye! Nilimwambia mke wangu kwamba ni utaratibu tu, kwamba lazima watangaze, lakini jina linajulikana.

Mkuu wa idara hakuwa mtu wa majina yanayojulikana. Alikuwa mzee mwembamba, Mwislamu wa mjini Mbeya ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na alizungumza Kiswahili kilichonyooka hata anapokasirika. Alituita sote wawili ofisini. Afisa utumishi, mama mmoja mnene mwenye faili la kijani mapajani, alikuwa amekaa pembeni.

"Vyeti vyenu vinalingana," mkuu alisema. "Tathmini za wanafunzi zinakaribiana. Nitawapa swali moja la programu, mtaliandika maabara kwa saa mbili. Nina mafaili kumi ya majaribio na programu ya kukagua. Atakayepita mengi zaidi ndiye. Mkitoka sare, nitatazama muda wa utumishi, kwa kuwa sioni haki nyingine."

Nusura nicheke. Sare ilikuwa inanitosha. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamweleza mke wangu neno kwa neno: nikishinda ni yangu, tukitoka sare ni yangu. Akasema, "Basi usijitie kiherehere, fanya taratibu." Ananifahamu.

Asubuhi ya jaribio kulikuwa na ukungu mpaka kwenye korido. Yule dada alikuwa ameshafika, amejifunga khanga juu ya koti, anapuliza mikono.

"Kaka, umeamkaje?"

"Salama."

"Leo kweli baridi ya Mbeya imeamua. Afadhali kwetu Iringa."

"Si urudi?" nikamwambia.

Akacheka, akidhani ni utani. Nilimwongezea ule utani wa watu wake Wahehe na kula mbwa, ambao kila Mtanzania anaujua, akacheka tena na kunijibu wa sisi Wanyakyusa na ndizi zetu. Mimi sikuwa natania.

Mkuu aligawa karatasi. Swali lilikuwa fupi. Unapewa orodha ya namba ovyoovyo. Zipange upya ziende kwa zigizaga: ya kwanza iwe chini, ya pili juu, ya tatu chini, ya nne juu, hivyohivyo mpaka mwisho. Mfano ulikuwa umeandikwa kwa kalamu: 7 4 9 2 8 inaweza kuwa 4 9 2 8 7. Basi.

Nililijua swali lile. Ni maarufu kwa watu wanaohojiwa kazi za programu, na lina njia mbili. Moja ni nyepesi mno, na niliiona ya kivivu. Unatembea kwenye orodha mara moja kutoka kushoto. Ukifika nafasi ya pili, ya nne, ya sita, unauliza: je, hii ni ndogo kuliko ya nyuma yake? Kama ndiyo, unazibadilisha. Ukifika nafasi ya tatu, ya tano, ya saba, unauliza kinyume chake: je, hii ni kubwa kuliko ya nyuma yake? Kama ndiyo, unazibadilisha. Hurudi nyuma kamwe, kwa sababu ukibadilisha, ile inayopanda kileleni ni kubwa zaidi ya iliyokuwepo, na ile inayoshuka bondeni ni ndogo zaidi, kwa hiyo ulichokitengeneza nyuma hakiharibiki. Mistari minane. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akielekezwa ataiandika.

Tatizo la njia hiyo ni namba zinazolingana. Ikikuta mbili sawa zimekaa jirani inazipita tu, kwa kuwa hakuna iliyo ndogo wala kubwa. Hiyo ndiyo zigizaga legevu: juu si lazima iwe juu kabisa, inatosha isiwe chini. Inapatikana kwa orodha yoyote utakayoleta duniani. Zigizaga kali ni jambo jingine. Hapo kila kilele lazima kizidi majirani zake kwelikweli, sawa kwa sawa hairuhusiwi. Hiyo haipatikani siku zote. Chukua 3 3 3 1, uipange utakavyo, tatu mbili zitagusana tu.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika ile kali kabla hata ya kukaa vizuri. Ndipo yule dada akanyoosha kidole, kilekile kidole chake.

"Mwalimu, samahani. Namba zinazolingana zinaruhusiwa kukaa jirani?"

Nilitoa sauti puani. Mtu mzima, mkufunzi, anauliza kama yuko shule ya msingi.

Mkuu alipitisha macho kwenye karatasi yake. "Swali halijasema," alijibu. "Amueni wenyewe. Mstari wa kwanza wa programu yako, andika maelezo: umeamua nini. Nawe pia," akanionyesha mimi.

Yeye aliandika, nilikuja kuona baadaye: *Legevu. Zinazolingana zinaruhusiwa kukaa jirani.* Mimi niliandika: *Kali. Hakuna namba mbili sawa zitakazokaa jirani, ila pale isipowezekana kabisa.* Niliongeza hilo neno "kabisa" kwa raha.

Njia yangu ilikuwa hii. Panga namba zote kutoka ndogo hadi kubwa. Kata orodha katikati, ndogo upande mmoja, kubwa upande mwingine, na kama idadi haigawanyiki, ile ya ziada ibaki kwa ndogo. Kisha zisuke: ndogo moja, kubwa moja, ndogo moja, kubwa moja. Bonde, kilele, bonde, kilele. Niliijaribu kwa namba moja hadi ishirini zilizochanganywa, ikatoka safi. Niliijaribu kwa zenye kujirudia pia, si kwamba nilizembea. Niliipa 2 2 1 1, ikatoa 1 2 1 2. Niliipa 1 5 1 1 6 4, ikatoa 1 4 1 5 1 6. Nikaiwekea na kipande cha kuandika "Haiwezekani" pale namba moja inapojirudia kupita kiasi. Mistari arobaini na kitu. Nilimaliza muda ukiwa umebaki dakika kumi, nikakunja mikono, nikamtazama. Yeye alikuwa amemaliza saa moja nyuma na alikuwa anasoma kitabu.

Baada ya chai tulirudi maabara. Mkuu alikaa kwenye kompyuta ya mbele, sisi tukasimama nyuma yake, mama wa utumishi akavuta kiti na faili lake. Wanafunzi watatu wanne walikuwa wamesogea mlangoni na hakuna aliyewafukuza. Mkuu akaendesha programu ya yule dada. Kioo kikaandika neno *Imepita* mara kumi, moja chini ya nyingine. Akaendesha yangu. *Imepita* mara kumi.

"Sare," mkuu akasema. Akavua miwani. "Basi nilishasema utaratibu. Miaka sita na mwaka mmoja. Mama, andika jina la..."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Kazi ilikuwa imeshanifikia mikononi. Kalamu ya mama yule ilikuwa imeshagusa karatasi, niliiona.

Lakini yule dada alinigeukia akanyoosha mkono. "Hongera sana, kaka. Umestahili." Halafu, kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuongeza kitu, akamwambia mwanafunzi mmoja mlangoni aliyeuliza tofauti ni nini: "Yangu inapita kwenye orodha mara moja tu. Ya mwalimu inapanga kwanza zote, kwa hiyo orodha ikiwa ndefu yake itachelewa zaidi. Lakini zote sahihi."

Zote sahihi! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mistari yake minane ya kivivu iwekwe kwenye mizani moja na kazi yangu, halafu aielezee kana kwamba yake ndiyo bora na mimi nimepewa kazi kwa uzee? Nilikuwa nakwenda kushinda kwa huruma ya kalenda, mbele ya wanafunzi. Nilijiambia nataka haki. Sikutaka haki. Nilitaka aanguke, na aanguke waone.

"Samahani mkuu," nikasema. "Yake si sahihi."

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Akaushusha.

"Imepita kumi," mkuu akasema.

"Imepita kwa sababu mkaguzi wako, hiyo programu ya kukagua, amelegea. Anaruhusu sawa kwa sawa. Hiyo si kupanda na kushuka, hiyo ni kwenda tambarare. Naomba niiingizie namba nne tu."

Mkuu akasogea. Niliinama nikachapa kwenye programu ya yule dada 2 2 1 1. Ikajibu 2 2 1 1. Vilevile zilivyoingia ndivyo zilivyotoka.

"Haya, tazameni wenyewe," nikasema kwa sauti ya darasani, ili mlango usikie. "Haikufanya kitu! Mbili na mbili, hapo imepanda wapi? Moja na moja, imepanda wapi?" Mwanafunzi mmoja akacheka. Nikachapa zilezile kwenye yangu, ikatoa 1 2 1 2, safi kama meno ya msumeno.

"Lakini kaka, mimi niliandika kabisa pale juu kwamba ni legevu," yule dada akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Niliuliza, ukasikia nikiuliza."

"Uliuliza ili ukwepe."

"Sikukwepa. Nilisema nitafanya nini, nikafanya hicho."

"Ndugu zangu," mkuu akasema, lakini mimi sikuwa tena mtu wa kuzuiwa.

"Mkuu, mkaguzi wako ana alama ya sawasawa mahali pawili, ndizo zinazopitisha namba zinazolingana. Ziondoe. Endesha upya mafaili yote kumi kwa zigizaga kali. Atakayepita apite."

Mzee alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikikumbuka natamani ningeyatii yale macho. "Mwalimu," alisema taratibu, "kwa matokeo yaliyopo, kazi ni yako. Umenisikia? Nikiendesha upya, matokeo ya kwanza yanakufa. Sitarudi nyuma."

"Nimesikia."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia."

Akamgeukia yule dada. "Nawe?"

Aliinua mabega. "Mimi nilishampa hongera. Anavyotaka yeye."

Mama wa utumishi akaifunika kalamu yake. Mkuu alifungua programu ya kukagua, akafuta alama moja ya sawasawa, akashuka chini kidogo, akafuta ya pili. Mabasi ya Tunduma yalikuwa yanasikika kule barabara kuu.

"Kwanza ya dada," akasema.

*Imepita. Imepita. Imepita. Imepita. Imepita.* Nilikuwa nasubiri kwa hamu, nimeshaandaa na sura. *Imepita. Imepita. Imepita. Imepita. Imepita.*

"Haiwezekani," nikasema. "Si mmeona sasa hivi 2 2 1 1? Hayo mafaili yana nini ndani?"

Mkuu alikuna shingo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuona aibu. "Mengi niliyatengeneza kwa kompyuta," alisema. "Namba kuanzia moja hadi idadi fulani, zimechanganywa. Ndivyo ninavyotengeneza siku zote, ni haraka."

Nilielewa papo hapo, na kila anayeandika programu angeelewa, maana wote tunafanya hivyo. Ukichanganya namba moja hadi elfu, hakuna inayojirudia. Na pasipo kujirudia, kali na legevu ni kitu kimoja, hazina njia ya kutofautiana. Alikuwa ametupima kwa mafaili yasiyoweza kutupima.

"Isipokuwa faili la sita," akaongeza. "Hilo niliandika kwa mkono. Namba nne. Sita, tano, nne, tano."

Alilifungua tuone. 6 5 4 5. Yule dada akaanza kulifuata kwa kidole chake hewani, kwa sauti ya chini. "Tano ni ndogo kuliko sita, zinabadilishana: tano, sita. Nne iko chini ya sita, sawa. Tano iko juu ya nne, sawa." Tano, sita, nne, tano. Kupanda, kushuka, kupanda. Akashangaa mwenyewe. "Hapa nimebahatika tu," akasema. "Zingekuja kwa mpangilio mwingine, tano zingegusana."

"Umesikia mkuu? Amekiri! Ni bahati!"

"Nimesikia," mkuu akasema. "Sasa yako."

*Imepita. Imepita. Imepita. Imepita. Imepita.* Mstari wa sita ukasimama kidogo, au mimi ndiye niliyesimama. *Imekosea.* Kisha *Imepita* nne za mwisho, haraka haraka, kana kwamba zinaniomba radhi.

Nilisema kompyuta ina matatizo. Ndiyo, nilisema hivyo, mimi ninayewacheka wanafunzi wakisema hivyo. Mkuu akaendesha tena. *Imekosea.* Akalifungua jibu langu: 4 5 5 6.

Sikuhitaji mtu anieleze, lakini nilieleweshwa. Namba zikipangwa ni nne, tano, tano, sita. Nimekata katikati, na kisu kimepita katikati ya tano mbili: moja imebaki kwa ndogo, moja imekwenda kwa kubwa. Nikazisuka: nne, tano, tano, sita. Tano ya kilele na tano ya bonde zimekaa bega kwa bega, katikati kabisa ya jibu, chini ya maelezo yangu mwenyewe yaliyosema hakuna namba mbili sawa zitakazokaa jirani. Nilikuwa nimejaribu zenye kujirudia pembeni, ndogo kwa ndogo na kubwa kwa kubwa. Katikati sikupagusa.

"Nafikiri isipowezekana..." nilianza.

"Inawezekana," mkuu akasema. "Yeye ametoa tano, sita, nne, tano. Hilo jibu lipo hapa juu ya kioo."

Yule dada alikuwa amesogea karibu na kioo, amesahau ugomvi, uso umefunguka kama wa mtoto aliyeona kitu. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwamba hakuwa hata anasherehekea. "Kaka, ni kidogo tu imebaki," akasema. "Geuza kila nusu nyuma mbele kabla ya kusuka. Ndogo zianze na kubwa yao: tano, nne. Kubwa zianze na kubwa yao: sita, tano. Sasa suka: tano, sita, nne, tano. Zile zinazolingana za katikati zinaachana, moja inakwenda mwanzo na nyingine mwisho. Njia yako ni nzuri kuliko yangu, ilikosa kugeuza tu."

"Nani amekuuliza?" nikamwambia.

Wanafunzi mlangoni waliangalia chini.

"Mwalimu," mkuu akasema, na sasa hasira yake ilisikika, ingawa sauti haikupanda, "huyu aliahidi legevu akatoa legevu, mara zote, kwa orodha yoyote, na hata ulipomjaribu kwa mbili mbili moja moja, alitoa kile alichokiandika. Wewe uliahidi kali. Ukalazimisha kali. Ukamdhalilisha mwenzako kwa kali. Na hukutoa kali. Tisa na kumi. Mama, andika."

"Mkuu, yake pia haiwezi kupita kali! Mpe orodha nyingine! Mpe yoyote!"

"Nilikuuliza mara mbili."

"Faili moja, mkuu! Namba nne!"

"Mara mbili," akarudia, akavaa miwani yake.

Mama wa utumishi alifunua kalamu na kuandika jina lisilo langu, herufi kwa herufi, akalirudia kwa mdomo ili asikosee kuliandika. Nikachukua koti langu. Yule dada alitoka nyuma yangu mpaka kwenye ngazi, akaniita mara mbili. Nikageuka.

"Sikuomba iwe hivi," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa umeshapata."

"Usinifundishe nilichokuwa nimepata," nikamjibu, nikashuka.

Ningeweza kupanda gari, lakini niliamua kutembea. Nilipita njia ndefu ili nisifike. Njiani nilikuwa naendelea kubishana, peke yangu, kwa sauti, na nilikuwa nashinda. Nilimwambia mkuu kwamba mkaguzi wa faili moja si mkaguzi. Nilimwambia kwamba yake ingeanguka kwa orodha tisa kati ya kumi zenye kujirudia. Yote ni kweli, mpaka leo ni kweli, na yeye mwenyewe alikiri. Lakini kila nilipomaliza hoja moja, nilijikuta nageuza zile nusu mbili kichwani: tano, nne, sita, tano. Zinakubali. Zinakubali kila mara. Mistari miwili tu ya kuongeza, na dakika kumi nilikuwa nazo, nikazitumia kukunja mikono na kumtazama mtu akisoma kitabu.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele mlangoni, mchele wa Chimala, mzuri kuliko tunaokula siku zote. Alikuwa ameununua kwa ajili ya jioni ile. Aliponiona hakusimama.

"Vipi?"

Nilishaandaa la kusema tangu njiani. "Tumetoka sare," nikasema, nikainama kufungua kamba za viatu. "Wamempa yeye."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Sare?"

"Sare. Kumi kwa kumi."

"Wewe si ulisema mkitoka sare ni yako?"

Kamba ya kiatu ilikuwa imejifunga fundo. Niliishughulikia muda mrefu. Alisubiri, hana haraka, ungo magotini.

"Niliwaambia wakague upya," nikasema mwishowe.

"Baada ya kuwa umeshapata?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumweleza habari za kali na legevu. Mwanamke yule ana akili, angeelewa kabla sijamaliza. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na nilikuwa nimechoka na hoja zangu.

"Nilitaka aanguke," nikasema.

Aliokota kokoto moja ndogo kwenye mchele, akaitupa uani.

"Na ameanguka?" akauliza.